Wi-Fi Mpya ya Nyumbani: Namna ya Kuandika Ujumbe wa Grupu la Familia

Jumamosi jioni, kwenye grupu la familia, unaingia ujumbe huu: "Habari zenu. Wi-Fi imebadilishwa, pasiwedi mpya ni *Ng'ombe2025*. Tusigawe ovyo, tuitumie kwa busara. Asanteni." Aliyeutuma anaona kamaliza kazi. Baada ya dakika chache simu zinaanza: kwangu inakataa, kwangu inasema nywila si sahihi, tivii haioni kitu, Bibi hajapata ujumbe kabisa.

Hakuna mjinga katika nyumba hiyo. Makosa yamo ndani ya ujumbe wenyewe, na kila moja lina sababu yake. Nyota mbili zilizozunguka nywila ni alama ambayo WhatsApp huitumia kukoleza maandishi, kwa hiyo anayesoma anaona neno lenye wino mzito na nyota hazioni, ilhali anayenakili ujumbe huenda akazibeba. Mmoja ataandika nywila bila nyota na mwingine ataibandika ikiwa nazo, na mmoja wao lazima akosee. Alama ya juu katika "Ng'ombe" ni mtego mbaya zaidi. Baadhi ya simu huigeuza zenyewe kutoka alama iliyonyooka kuwa iliyopinda wakati wa kuandika ujumbe. Kwa jicho ni ileile, kwa ruta ni herufi nyingine kabisa. Tena nywila imekaa katikati ya sentensi, kwa hiyo anayebonyeza ujumbe ili anakili anachukua salamu, nyota na nukta kwa pamoja.

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitandao ya majumbani, na kipimo changu cha ujumbe wa aina hii ni kimoja: umezaa simu ngapi? Ujumbe mzuri ni ule ambao baada ya kuutuma hakuna anayekuuliza kitu. Ili ufike hapo, unahitaji kuamua mambo manne kabla ya kugusa simu: jina la mtandao, nywila yenyewe, wakati wa kutuma na nani apelekewe, kisha sheria zipi ziandikwe na zipi iachiwe ruta.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, ya aina ninayokutana nayo Tabata, Dar es Salaam. Wanaishi humo watu saba: Bibi, Baba, Mama, binti mkubwa anayefanya kazi ya ofisi akiwa nyumbani, kijana wa kidato cha tatu, mdogo wao wa darasa la tano, na dada wa kazi. Kuna mpangaji katika chumba cha uani. Laini yao ni faiba ya megabiti 10 kwa sekunde. Grupu la familia lina watu arobaini hivi, wakiwemo wajomba wa Mwanza na mashangazi wa Tanga. Nywila ya zamani ilikuwa namba ya simu ya Baba, na kwa miaka imeshasambaa mtaa mzima. Binti mkubwa ndiye atakayebadilisha na kutangaza.

Kwa nini jina nalo libadilike

Wengi hubadilisha nywila tu na kuliacha jina. Hapo ndipo vurugu huanza. Simu huuhifadhi mtandao kwa jina lake pamoja na nywila yake. Ukibadilisha nywila na kuliacha jina, kila kifaa kitaendelea kubisha hodi kwa nywila ya zamani na kukataliwa. Baadhi ya simu zitamwomba mwenyewe aandike nywila mpya. Nyingine zitakaa kimya zikionyesha kwamba mtandao umehifadhiwa ila hauunganishi, mpaka mtu aingie kwenye mipangilio, aufute mtandao huo kwa kubonyeza `Forget`, ndipo aanze upya. Kumwelekeza Bibi hatua hizo kwa simu ni kazi ya nusu saa.

Jina likibadilika, simu inaona mtandao mgeni. Inauliza nywila, inapewa, basi. Kwa hiyo kanuni ni hii: kama umenunua ruta mpya na hutaki kumsumbua mtu, ipe jina lilelile na nywila ileile ya zamani, na vifaa karibu vyote vitajiunga vyenyewe bila tangazo. Kama lengo ni kuwatoa watu waliokwisha kuijua nywila, badilisha vyote viwili.

Jina lenyewe linaweza kuwa na hadi herufi 32 za kawaida, na linaonekana kwa kila anayepita barabarani na simu. Usiweke jina la ukoo wala namba ya nyumba. Unamwambia mpita njia mtandao huu ni wa nani. Usiache pia jina lililokuja na ruta, kwa sababu jina hilo mara nyingi hutaja aina ya kifaa. Kuna na sababu ya ndani zaidi: katika ulinzi wa WPA2, ulioanza mwaka 2004 na ambao bado ndio uliomo katika nyumba nyingi, jina la mtandao huchanganywa na nywila kutengeneza ufunguo. Majina yanayotumiwa na maelfu ya watu yamekwisha kutengenezewa orodha za funguo tayari. Jina lako mwenyewe linazifanya orodha hizo zisifae kitu.

Nyumba yetu ya Tabata imechagua "Mwembeni". Ni fupi, inatamkika, na haimtaji mtu.

Kuna jambo moja la kuamua hapa. Ruta nyingi za sasa hurusha masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La kwanza hupenya kuta vizuri zaidi na hufika mbali, ila ni la polepole. La pili lina kasi lakini ukuta wa matofali hulichosha. Ruta nyingine huja na majina mawili, moja likiwa na `5G` mwishoni, na hapo watu hudhani ni ile 5G ya laini za simu. Sivyo, ni masafa tu. Katika grupu la familia majina mawili huzaa maswali, kwa hiyo ni heri kuyaunganisha kuwa jina moja na kuviachia vifaa vichague. Hasara yake ni kwamba baadhi ya kamera za ulinzi na balbu za kuongozwa kwa simu hutumia gigahezi 2.4 peke yake, na hugoma kusajiliwa pale majina yanapounganishwa. Ukikutana na hilo, zima masafa ya gigahezi 5 kwa dakika chache, sajili kamera, kisha yawashe tena.

Nywila ya kusomeka, kuandikika na kutokisika

Nywila ya WPA2 huanzia herufi 8 na kuishia 63. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na hata nafasi tupu huhesabiwa. Watu wengi wakiambiwa waweke nywila ngumu hurundika alama, kisha wanashindwa kuiandika wao wenyewe. Ugumu wa kuandika na ugumu wa kukisia ni mambo mawili.

Tuangalie namba ya simu ya Baba. Mtu aliye karibu na nyumba anaweza kunasa mawasiliano mafupi yanayofanyika simu inapojiunga na ruta. Akishayanasa hahitaji kukaa nje ya geti. Anakwenda kwake na kukisia nywila kwenye kompyuta, na ruta yako haitajua lolote. Kompyuta moja yenye kadi nzuri ya michezo hujaribu laki kadhaa hadi milioni moja na zaidi kwa sekunde. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu 10 na huanza na 06 au 07, kwa hiyo zinabaki tarakimu 8 za kukisia. Hizo ni namba milioni 100 kwa kila mwanzo, milioni 200 kwa jumla. Kwa mwendo wa milioni moja kwa sekunde, zote zinakwisha kwa sekunde 200, yaani dakika tatu na kidogo. Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto haifikishi hata sekunde moja.

Sasa chukua maneno manne ya Kiswahili yaliyookotwa kwa bahati nasibu, kwa kufungua kamusi bila kuchagua ukurasa. Tuseme mdukuzi anajua kabisa kwamba umetumia maneno manne kutoka orodha ya maneno 5,000. Atakuwa na trilioni 625 za kujaribu, na kwa mwendo uleule kuzimaliza kunamchukua karibu miaka 20. Sharti ni kwamba maneno yawe ya kuokota kweli. Maneno yanayofuatana katika methali au wimbo hayahesabiki kuwa manne, kwa sababu orodha za kukisia zimejaa methali na nyimbo.

Binti mkubwa ameokota bahasha, dhoruba, kibatari na mnazi. Nywila inakuwa `bahashadhorubakibatarimnazi`, herufi 27, zote ndogo, bila nafasi wala alama. Ameacha alama kwa makusudi. Kwanza, kwenye tivii mtu huandika kwa rimoti, na kila alama inamlazimu afungue ukurasa mwingine wa kibodi. Pili, hakuna sifuri ya kufanana na herufi O, wala moja ya kufanana na l. Tatu, hakuna neno lenye ng', kwa hiyo ile alama ya juu haipo. Nne, mtu anaweza kutajiwa kwa simu: "bahasha, dhoruba, kibatari, mnazi, yote umeunganisha." Mfano huu usiunakili, umeshachapishwa, na hivyo si siri tena.

Kama ruta yako ina WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, iwashe. Inazuia huko kukisia kwa kificho: kila jaribio lazima lipitie kwenye ruta yenyewe, moja baada ya jingine. Ila simu na tivii za zamani haziielewi, kwa hiyo nyumba nyingi hubaki na hali mseto ya WPA2 na WPA3, na nywila imara inabaki kuwa ya lazima. Wakati uko humo kwenye mipangilio, zima `WPS`, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba ya tarakimu nane. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 hivi yanatosha kuipata, hata nywila yako iwe ndefu namna gani.

Nani apelekewe, na lini

Kosa ambalo watu hawaliwazi ni la wakati. Bibi hanunui bando. Mtandao wake wote ni Wi-Fi ya nyumbani. Ukibadilisha nywila kwanza na kutuma ujumbe baadaye, Bibi atakuwa ametoka mtandaoni, na nywila mpya itamsubiri mahali asipoweza kufika. Vivyo hivyo kwa tableti ya mdogo wa darasa la tano, ambayo haina laini. Ujumbe utangulie, mabadiliko yafuate, na kati yake pawe na usiku mmoja ili kila mtu awe ameusoma.

Kuhusu nani, grupu la watu arobaini si mahali pa kuweka nywila ya nyumba ya watu saba. Si kwamba mjomba wa Mwanza ana nia mbaya. Ujumbe huo utabaki kwenye simu arobaini, na simu huuzwa, huibwa na hupewa watoto. Anayeishi humo apelekewe nywila ya nyumba katika grupu dogo la wakazi, na asiyeishi humo apate ya wageni siku akija.

Mtandao wa wageni ni kazi ya dakika tano. Katika mipangilio ya ruta huitwa `Guest network`: ruta ileile inarusha jina la pili lenye nywila yake, na katika ruta nyingi aliye humo hupata intaneti bila kuziona printa, kamera na tivii za ndani. Ruta nyingine hukuruhusu pia uwapimie wageni kasi. Mpangaji wa uani naye awekwe hapa. Ili mgeni asiandike chochote, tengeneza msimbo wa QR, uchapishe, uubandike sebuleni. Ndani yake huwa na mstari wa namna hii:

```
WIFI:T:WPA;S:Mwembeni-Wageni;P:ngazikandilipwezaufuta;;
```

Herufi `S` hutangulia jina, `P` hutangulia nywila, na nukta mkato mbili hufunga. Mgeni anaelekeza kamera ya simu, anakubali, ameingia. Jina na nywila viandikwe hasa kama vilivyo kwenye ruta. Herufi kubwa moja ikipotea, msimbo utasomeka vizuri kabisa lakini simu haitaunganishwa.

Ujumbe wenyewe

Sasa binti mkubwa yuko tayari kuandika. Anatuma jumbe tatu, na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza unasema nini kinatokea na lini:

> Shikamooni Bibi, Baba na Mama. Wengine wote hamjambo. Kesho Jumapili saa 4 asubuhi nabadilisha Wi-Fi ya nyumbani. Ile ya zamani itazimika. Jina jipya ni Mwembeni. Pasiwedi naituma hapa chini ikiwa peke yake: ibonyezeni kwa muda, nakilini, kesho mbandike. Ni maneno manne yameunganishwa, herufi ndogo zote: bahasha, dhoruba, kibatari, mnazi. Bibi, yako nitakuwekea mwenyewe baada ya ibada. Tivii ya sebuleni nitaiunganisha mimi.

Wa pili hauna salamu, hauna nukta, hauna kitu kingine:

> bahashadhorubakibatarimnazi

Ukiwa peke yake, anayebonyeza na kunakili anapata nywila tupu. Ila kibodi ya simu ina mazoea mawili ya kuangalia: hupenda kuanza ujumbe kwa herufi kubwa, na ikiwa imewekwa Kiingereza hupenda "kusahihisha" maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo kabla ya kutangaza, binti mkubwa anajitumia nywila hiyo mwenyewe, anahakikisha haijabadilika, na wakati wa kubadilisha anainakili kutoka grupuni na kuibandika kwenye ukurasa wa ruta. Kwa njia hiyo iliyoko kwenye ruta na iliyoko kwenye grupu haziwezi kutofautiana. Kesho yake, akishabadilisha, anaunganisha simu moja kwa kunakili kutoka grupuni, kabla hajatangaza kwamba tayari. Akimaliza anaubandika ujumbe huo juu ya grupu. WhatsApp huruhusu ukae hapo hadi siku 30, na baada ya hapo hakuna anayeuhitaji, maana simu zimeshaikumbuka.

Wa tatu ni sheria. Hapa inabidi tupunguze mwendo.

Sheria za watu na sheria za ruta

"Tuitumie kwa busara" si sheria. Hakuna anayejua imevunjwa lini. Kanuni ninayoifuata ni kwamba jambo ambalo mashine inaweza kulisimamia lisiandikwe kama ombi kwa watu, na linalobaki liandikwe pamoja na sababu yake. Katika nyumba yetu ugomvi ulikuwa juu ya mambo matatu: tivii kumaliza kasi, mikutano ya binti mkubwa kukatika jioni, na saa za watoto.

Tuanze na tivii. Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p, na 15 kwa picha ya 4K. Laini ya nyumba hii ni 10. Tivii ikijaribu 4K itameza laini yote na bado haitatosheka. Ikikaa 1080p inabaki nusu ya laini kwa watu wengine sita. Hili halihitaji sheria. Unaingia mara moja kwenye akaunti, sehemu ya `Playback settings`, unachagua `Medium`, ambayo Netflix huikadiria gigabaiti 0.7 kwa saa badala ya hadi 3 za HD na 7 za 4K katika kiwango cha juu. Picha itapungua ukali kuliko 1080p, ila laini itabaki na nafasi zaidi, na Baba hatakatazwa kuangalia filamu yake.

Mikutano kukatika ni kisa kingine, na watu wengi hukisingizia tivii. Tivii hupakua; mkutano wa video hupakua na pia hupakia, kwa sababu sura na sauti yako lazima zitoke nyumbani. Vifurushi vingi vya nyumbani vina kasi ndogo ya kupakia kuliko ya kupakua. Kijana wa kidato cha tatu akirudi jioni na video za mpira, simu yake inaona Wi-Fi na kuanza kuzipandisha kwenye hifadhi ya picha. Foleni ya kutoka inajaa, na sauti ya binti mkubwa inangoja nyuma ya video hizo. Dalili yake ni kwamba yeye anawasikia wenzake vizuri, ila wao wanamwambia sauti yake inakatika. Ukisikia hivyo, usitafute nani anaangalia filamu. Tafuta nani anapakia. Ruta za bei ya kawaida hazilisimamii jambo hili vizuri, kwa hiyo hili linastahili kuwa sheria ya watu.

Saa za watoto ruta inaziweza. Unachagua kifaa, unaweka kikatiwe mtandao saa 3 usiku. Lakini hapa ndipo mabadiliko ya jina huleta tatizo ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Ruta humtambua mtoto kwa anwani ya kifaa chake, na simu za sasa, kuanzia Android 10 na iOS 14, hutumia anwani ya kubuni, tofauti kwa kila jina la mtandao. Ukihama kwenda "Mwembeni", tableti ya mdogo inakuja na anwani mpya, na kanuni ya saa 3 uliyoiweka zamani inaendelea kumsubiri mtu ambaye hayupo tena. Mzazi anaona ruta imeharibika, kumbe inatii amri ya jana. Baada ya kubadilisha jina, vipangie upya vifaa vya watoto kimoja kimoja. Na ujue mpaka wa njia hii: kijana anaweza kuifanya simu yake ije na anwani nyingine, au akanunua bando la shilingi mia tano na kuachana na ruta yako. Mtoto wa darasa la tano ruta inamtosha. Kwa wa kidato cha tatu, mazungumzo lazima yatangulie.

Baada ya kuyapunguza hivyo, ujumbe wa tatu unabaki na mambo manne:

> Mambo manne ya Wi-Fi yetu:
> 1. Mgeni asipewe pasiwedi hii. Atumie Mwembeni-Wageni, askani karatasi iliyoko ukutani sebuleni.
> 2. Saa 10 hadi saa 1 jioni tusipakie video wala picha nyingi. Niko kwenye kikao, na zinanikatia sauti. Wekeni simu zipakie usiku mkilala.
> 3. Tableti ya mdogo itakatiwa mtandao saa 3 usiku. Haijaharibika, msinipigie.
> 4. Mtandao ukigoma, angalieni kwanza taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, msiguse kitu, niambieni. Kama si nyekundu, zimeni ruta ukutani, hesabuni sekunde 30, washeni, subirini dakika tatu. Kile kitobo kidogo cha nyuma kisichokolewe na pini.

Jambo la nne ndilo refu kwa sababu linaokoa pesa. Kwenye kifaa cha faiba, taa ya `LOS` ikiwaka nyekundu ina maana mwanga haufiki kutoka kwa mtoa huduma: waya umekatika, umekunjwa, au kuna hitilafu huko nje. Kuzima na kuwasha hakutasaidia, na kuuchezea ule waya mwembamba kunaweza kuongeza hasara. Kama taa hiyo ni shwari lakini intaneti haipo, ruta yenyewe huenda imekwama, na kuizima kwa nusu dakika mara nyingi kunatosha. Kitobo cha nyuma ni cha `RESET`. Ukikibonyeza kwa sekunde kadhaa kinafuta kila kitu: jina, nywila, saa za watoto, na katika laini nyingi hata jina la akaunti ambalo ruta hulitumia kujitambulisha kwa mtoa huduma. Hapo nyumba nzima inakaa bila mtandao mpaka fundi aje.

Mtu atauliza juu ya jambo la kwanza: je, watatii? Hapana, si wote. Tangu Android 10, aliyeunganishwa anaweza kuutoa mtandao wake kama msimbo wa QR kwa hatua chache, na katika simu nyingi nywila yenyewe huonekana chini yake. Katazo peke yake halizuii. Kinachozuia ni kuifanya njia ya wageni iwe nyepesi kuliko njia ya kuvunja sheria, na karatasi iliyoko ukutani inafanya hivyo.

Kinachobaki nje ya grupu

Kuna nywila nyingine ambayo haiingii kwenye ujumbe wowote: ile ya kuingilia mipangilio ya ruta, kwenye anwani kama `192.168.1.1`. Ruta nyingi huja nayo ikiwa imeandikwa kwenye stika ya chini, na nyingine bado ni `admin` kwa `admin`. Mwenye nayo anaweza kubadilisha yote tuliyoyapanga. Ibadilishe siku hiyohiyo, uiandike kwenye karatasi, na uikabidhi kwa Mama aiweke pamoja na hati za nyumba, ili siku binti mkubwa akisafiri nyumba isikwame.

Baada ya wiki moja, fungua mipangilio hiyo na utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Katika nyumba ya watu saba tegemea vifaa kumi hadi kumi na watano, ukihesabu tivii, kamera na printa. Vingine vitakuwa na majina yasiyoeleweka, kwa sababu ya zile anwani za kubuni. Njia rahisi ya kuvitambua ni kuwaomba wenyeji wazime Wi-Fi kwenye simu zao mmoja baada ya mwingine, huku ukitazama ni kipi kinatoweka. Kinachobaki bila mwenyewe kizuie kwanza, na asubiriwe atakayelalamika. Akilalamika mtu wa ndani, ilikuwa saa yake ya mkononi au spika aliyoisahau. Asipolalamika mtu, nywila imetoka nje. Okota maneno mengine manne, badilisha jina, na utume jumbe zilezile tatu.